Mara Moja au Mara Tano? Daftari la Bibi Lililofifia na Programu Iliyolisoma



Leo tunaandika kutoka Mkolani, Mwanza, kuhusu tarakimu moja iliyofifia kwenye daftari la jikoni. Mwaka huu mdogo wetu alipata posa. Kijana ni mtu wa dini, ana kazi yake, na wazee wake walikuwa majirani zetu wa zamani. Kila mtu alifurahi mpaka shangazi yetu aliposema kitu kimoja: kijana huyu alipokuwa mchanga mama yake alilazwa hospitali, na mtoto aliletwa kwetu. Marehemu mama yetu alimnyonyesha. Mara ngapi? Shangazi alikuwa msichana mdogo wakati huo, hakumbuki. Lakini alikumbuka kwamba bibi, mzaa baba, aliandika.

Mnajua wenyewe uzito wa swali hilo. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani na visiwani, mtoto aliyenyonya mara tano zilizo mbalimbali kabla ya kutimiza miaka miwili anakuwa mtoto wa maziwa wa mama yule, na ndugu wa watoto wake wote. Mara moja ni pale mtoto anaponyonya akaacha mwenyewe, si kila anapovuta pumzi. Zikiwa nne, kwa Shafi hakuna undugu. Kwa Hanafi na Maliki hata mara moja inatosha. Kwa hiyo kwetu sisi, ndoa ya mdogo wetu ilikuwa imelala kwenye tarakimu moja ya bibi. Na tarakimu hiyo ilikuwa imefifia.

Daftari lenyewe

Bibi alitoka Unguja, akaolewa huku kwenye ziwa. Hakwenda shule ya serikali. Alisoma chuoni, kwa hiyo alipoandika Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na namba zake zilikuwa za Kiarabu pia. Daftari lake ni la kawaida la mistari, gamba limeshatoka. Sehemu kubwa ni mapishi. Kurasa tatu za mwisho ni za ukoo: nani kazaliwa lini, nani kafa, nani kamnyonyesha nani.

Alitumia kalamu ya biki ya buluu. Wino huu una adui wawili. Wa kwanza ni mwanga: rangi yake huungua polepole kama kitambaa cha pazia kinavyopauka upande wa dirisha. Wa pili ni mafuta, kwa sababu wino wa biki wenyewe una asili ya mafuta, na samli ikiugusa hutambaa na kuacha ukungu wa buluu mahali palipokuwa na mstari. Daftari liliishi jikoni, likapata vyote viwili, na juu yake likapata bizari ya manjano. Ukurasa tuliouhitaji ulikuwa na doa la manjano lenye upana wa kiganja, na chini ya doa hilo ndipo ulipokuwa mstari wetu.

Mkwe mmoja kijana alisema jambo dogo hilo, siku hizi akili mnemba inasoma mwandiko wowote. Unapiga picha, unaipandisha, maandishi yanatoka safi. Tukasema sawa, tujaribu, lakini tujaribu kwanza mahali ambapo jibu tunalijua.

Tulianza na mkate wa mayai

Tulichagua mapishi ya mkate wa mayai kwa sababu shangazi bado anaupika kwa kipimo cha bibi. Mkate huu, kama mnavyojua, hauna hamira. Unaumuliwa na mayai tu, yaliyopigwa na sukari mpaka yawe povu zito. Kwa kipimo cha nyumbani kwetu ni mayai matano, sukari nusu ratili, unga nusu ratili, na hiliki. Ratili ni gramu 454 hivi, nusu yake ni 227. Mayai matano bila maganda yanakaribia gramu 250. Vitu vitatu vinalingana, na huko kulingana ndiko kunakoufanya mkate usimame.

Programu iliusoma ukurasa huo kwa sekunde chache na ikatoa Kiswahili kizuri, kwa herufi za kawaida. Mstari wa kupiga mayai ulikuwa sahihi neno kwa neno. Maneno "sukari", "unga" na "hiliki" yalikuwa sahihi, hata pale wino ulipokuwa mwepesi. Lakini ilikosea sehemu mbili. Mayai iliyahesabu sifuri. Na nusu ratili ikaandika nusu kilo.

Tuliyaangalia makosa hayo kwa makini, maana yana sababu, na sababu hizo ndizo zilizotusaidia baadaye.

Tano ya Kiarabu ni kiduara. Sifuri ya Kiarabu ni nukta. Mtu aliyezoea namba tunazotumia dukani akiona kiduara ataona sifuri, na programu nayo imeona kurasa nyingi mno za namba hizi za dukani kuliko mwandiko wa mwanamke wa Unguja anayechanganya herufi za Kiarabu na Kiswahili. Mpishi yeyote angejua mkate wa mayai hauwi na mayai sifuri. Programu haikusita. Iliandika sifuri kwa utulivu uleule iliotumia kuandika sukari.

Kosa la kilo ni la namna nyingine. Pale samli ilikuwa imekula neno karibu lote, herufi iliyobaki wazi ni lamu tu. Lamu imo katika ratili, na imo katika kilo. Programu hizi hazisomi kama mtoto wa chuoni anayetaja herufi moja na irabu yake kisha inayofuata. Zinatazama picha na papo hapo zinapima neno gani lina uwezekano mkubwa wa kuwa hapo. Palipo na wino wa kutosha, jicho linashinda. Palipofifia, mazoea yanashinda. Na katika mapishi ya siku hizi baada ya "sukari nusu" huja kilo, haiji ratili. Ukipika kwa usomaji huo utatia sukari zaidi ya mara mbili ya kipimo, na mkate utakaa chini kama tofali.

Hapo tukaelewa jambo moja. Programu ilisoma vizuri pale ambapo hata sisi tungekisia: maneno ya kawaida katika sentensi ya kawaida. Ilikosea kwenye namba na kipimo, yaani vitu ambavyo sentensi haiwezi kukuambia. Kumbukumbu za ukoo zimejaa vitu vya aina hiyo hasa: majina, tarehe, hesabu. Na maandishi yanayotoka hayana ufifi. Kwenye karatasi unaona wazi kwamba neno hili ni zito na lile limekaribia kupotea. Kwenye simu yote yanatoka meusi sawasawa.

Kuitoa buluu chini ya manjano

Kabla ya kurudi kwenye mstari wa maziwa tuliitengeneza picha. Kazi hii inafanyika nyumbani na haigusi karatasi. Msilowanishe ukurasa, msipake ndimu, msipige pasi, na msiupeleke kufungwa kwenye plastiki ya moto. Joto hilo huyeyusha samli na wino pamoja.

Sisi mafundi cherehani tunajua chaki ya buluu inavyopotea kwenye kitambaa fulani na kuonekana kwenye kingine. Ni suala la rangi. Chukueni ile karatasi nyororo nyekundu inayofungia peremende, muiweke mbele ya jicho, mtazame doa la bizari kwenye karatasi nyeupe. Doa linapotea. Manjano na nyeupe zote zinarudisha mwanga mwekundu, kwa hiyo nyuma ya wekundu zinafanana. Lakini buluu hairudishi mwekundu, inaumeza, kwa hiyo mstari wa buluu unakuwa mweusi. Programu nyingi za kuhariri picha kwenye simu zina sehemu ya kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa kuchagua kichujio cha rangi. Kwa biki ya buluu chini ya bizari, chagueni kichujio chekundu. Mkichagua cha buluu mtapata kinyume chake: doa litakuwa jeusi na wino utayeyuka kabisa.

Tulipiga picha mchana, kivulini karibu na mlango, bila tochi ya simu, na simu ikiwa sambamba na ukurasa. Nyuma ya ukurasa tuliweka karatasi nyeusi, kwa sababu samli hufanya karatasi ipenyeze mwanga na maandishi ya upande wa pili huja mbele. Hatukutumia ile hali ya simu inayoitwa ya kuskani hati, kwa kuwa inaamua kila kitu ni cheusi au cheupe, na mstari mwembamba unatupwa upande wa weupe. Na picha hatukuirusha kwa wasapu kwa njia ya kawaida, kwa sababu inapunguzwa ubora njiani. Mkirusha, tumeni kama faili.

Tulipiga pia picha ya pili ya aina nyingine. Kalamu ya biki ina kipira cha chuma, na mkono ukikandamiza unaacha mfereji kwenye karatasi. Wino unaweza kupauka, mfereji ukabaki. Usiku tulizima taa, tukalaza tochi mezani ili mwanga upite juu ya ukurasa kutoka ubavuni, tukaona mistari ya bibi kama mishono iliyofumuliwa: uzi haupo lakini matundu yapo. Picha hii si ya programu, kwa sababu inachanganya vivuli vya mfereji na mikunjo ya karatasi. Ni ya jicho la mtu.

Mstari wa maziwa

Tuliupitisha mstari ule mara tatu. Kwanza picha ya kawaida ya rangi, ukurasa mzima. Usomaji ukatoka hivi: mtoto wa jirani (jina lake tunalihifadhi) kanyonya kwa mke wa mwanangu mara moja, Shaabani 1414. Sentensi safi kabisa. Kama tungeishia hapo, watu wangeanza kushona sare.

Kisha tukatoa picha ya kichujio chekundu, ukurasa uleule. Sasa ilisema mara 5.

Mara ya tatu tulikata kipande kidogo tu, neno "mara" na kinachofuata, bila sentensi, ili isiwe na kitu cha kukisia. Safari hii hapakuwa na moja wala tano. Iliona neno la Kiarabu linaloishia na herufi ha.

Usomaji tatu tofauti wa sehemu moja. Wakati huohuo maneno "mtoto", "kanyonya" na "Shaabani" hayakubadilika hata mara moja. Hiki ndicho kipimo tunachowaachia: someni mstari mmoja kwa picha tofauti na vipande tofauti. Panapobaki vilevile, kuna wino unaosomwa. Panapobadilika, kuna kukisia, hata kama sentensi iliyotoka ni nzuri namna gani. Ila kubaki vilevile hakuthibitishi namba. Sifuri ya mayai nayo ilirudi mara zote tatu, kwa sababu programu ilikuwa na mazoea yaleyale ya kukosea.

Hata hiyo ha ilikuwa na sababu. Kiduara cha tano na herufi ha inaposimama peke yake ni karibu pacha. Na neno "mara" tumelitoa katika Kiarabu, ambako huishia na herufi ya umbo hilohilo. Kwa hiyo macho ya programu yaliuvuta mduara ukawa mkia wa neno. Mduara ukishakuwa mkia, baada ya "mara" hapabaki kitu, na sentensi inadai kitu. Moja ikaja kujaza pengo.

Namba ya bibi ilivyopatikana

Hapo tuliiweka programu kando, tukarudi kwa bibi mwenyewe. Maswali yalikuwa mawili: mduara ni mkia wa neno au ni namba? Na kama ni namba, je, ni tano?

Kwa swali la kwanza tulitafuta "mara" nyingine katika mapishi. Tulipata nne: chuja mara mbili, koroga mara kwa mara, na nyinginezo. Zote nne bibi ameziandika kwa kumalizia na alifu, kijiti kilichosimama. Hakuna hata moja yenye mkia wa mduara. Na kwenye mstari wa maziwa alifu hiyo ipo, tuliiona kwa tochi ya ubavuni, kisha kuna nafasi, kisha ndio mduara. Neno lilikuwa limeshakwisha kabla ya mduara kuanza.

Tukapima pia. Kutoka mwisho wa alifu hadi ukingo wa karatasi ni milimita 6. Neno "moja" katika mwandiko wa bibi, pale alipoandika "yai moja" na "kibaba kimoja", huchukua milimita 13 au 14. Halikuweza kuenea pale hata kama angetaka. Na mfereji wa kalamu hauonyeshi kitu chochote zaidi ya mduara.

Kwa swali la pili ndipo mkate wa mayai ulipotulipa. Tulikata picha za namba zote za bibi ambazo maana yake haina ubishi, tukazipanga kwenye karatasi kama sampuli za vifungo. Tano ya mayai, ambayo shangazi anaipika mpaka leo. Mbili na tatu za vibaba. Nne mbili za mwaka 1414. Sifuri zake, kila mahali, ni nukta ndogo ya kubonyeza. Nne yake ina meno mawili na haifungi. Tano yake inaanzia juu, inashuka kushoto, inarudi na kufunga juu, ikiacha kijinundu pale wino ulipokutana. Mduara wa mstari wa maziwa una kijinundu hichohicho, juu, na mfereji wake umefunga mzunguko wote. Si doa, kwa sababu doa halichimbi karatasi. Si wino wa upande wa pili, kwa sababu karatasi nyeusi ya nyuma haikuuondoa.

Tarehe nayo ilikaa sawa. Shaabani ya 1414 ilianguka kati ya Januari na Februari ya mwaka 1994. Kijana alizaliwa mwishoni mwa 1993, kwa hiyo alikuwa na miezi michache, mbali na miaka miwili.

Ilikuwa tano.

Mbele ya sheikh

Hatukumpelekea sheikh chapa ya programu. Tulimpelekea daftari, karatasi ya sampuli za namba, na shangazi. Kijana alikuja na baba yake.

Sheikh alitufafanulia kitu ambacho wengi hatukijui. Maandishi ya marehemu si ushahidi kamili. Kwa Shafi kunyonya kunathibiti kwa mashahidi: wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, au wanawake wanne. Sisi tulikuwa na shangazi mmoja aliyeona mtoto akiletwa bila kuhesabu, na mwandiko wa bibi aliyehesabu. Haitoshi kuhukumu kwamba ni ndugu. Lakini inatosha sana kutia shaka, na akakumbusha kisa cha Uqba bin Harith kilichomo katika Bukhari, aliyekwenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, baada ya mwanamke mmoja tu kudai kuwanyonyesha yeye na mkewe, na akaachana naye. Sisi tulikuwa bado hatujafunga ndoa. Kuacha kabla ni kwepesi kuliko kuacha baada ya watoto.

Wazee wa pande zote mbili walikubali kuacha. Sheikh akaongeza kwamba shaka inafanya kazi pande zote: hawaoani, na pia hawachukuliani kama maharimu. Mdogo wetu anaendelea kujisitiri mbele yake. Alilia, hatutawaficha. Kijana alituma salamu kwa baba yake, na nyumba mbili bado zinapeana futari.

Kama tungekuwa tumeipokea ile "mara moja" ya kwanza, hapangekuwa na kikao. Programu haikudanganya kwa kukusudia. Ilijaza pengo, nayo haiwezi kujua kwamba pengo hili lilikuwa la ndoa na lile la sukari.

Kwa wenye karatasi za zamani zaidi

Najua baadhi yenu visiwani mna karatasi kongwe kuliko daftari letu: hati za mahari, barua za babu, wino wa hudhurungi. Wino wa namna hiyo mara nyingi ni wa chuma, ulikuwa mweusi ukageuka kutu. Kichujio chekundu hapo kitaupoteza. Unaojaribiwa ni mwanga wa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia madukani: karatasi inang'aa kidogo na wino wa chuma unabaki mweusi. Iwasheni kwa muda mfupi, msiitazame taa yenyewe, na jueni kwamba bizari nayo inang'aa chini ya taa hiyo, kwa hiyo si kila kinachong'aa ni karatasi.

Mnaweza pia kuambiwa kuhusu programu zinazofundishwa mwandiko maalumu. Ipo Transkribus, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, na wanahistoria wanaitumia sana. Unaipa kurasa ambazo mtu ameshazisoma na kuziandika upya, nayo inajifunza mkono ule. Lakini kwa kuifundisha mkono mpya hushauri kuanza na maneno kama 5,000 hadi 15,000 yaliyosomwa na mtu. Daftari la bibi zima halifiki hapo. Kwa nyumba yenye sanduku la barua za mtu mmoja inaweza kufaa. Kwa kurasa tatu za ukoo, karatasi ya sampuli na shangazi aliye hai zinakwenda mbali zaidi.

Na kuna mahali pawili katika herufi za Kiarabu ambapo tunawaomba msiiamini programu yoyote bila kuangalia wenyewe. Ya kwanza ni "bin" na "binti": tofauti yake ni jino moja dogo na nukta mbili, na vikififia mtoto wa kike anageuka wa kiume katika ukoo wenu. Ya pili ni mbili na tatu: tofauti ni jino moja tu. Hizo zikateni, zipangeni pembeni ya nyingine za mwandishi yuleyule, mzilinganishe.

Tunavyoandika sasa

Dada yetu mkubwa alijifungua baada ya haya yote, na mtoto alinyonyeshwa siku mbili na wifi. Tumeandika, kwenye daftari jipya linalokaa kabatini na si jikoni. Tumetumia penseli, kwa sababu risasi ya penseli ni kaboni na mwanga hauipaushi kama biki. Jina la mtoto na la baba yake, jina la aliyenyonyesha, tarehe ya Hijria na ya Miladi, na majina ya wanawake wanne waliokuwepo. Na hesabu tumeiandika mara mbili, kama benki wanavyotaka kwenye hundi: kwa tarakimu, kisha kwa neno. Tarakimu ikifutika, neno lenye herufi kadhaa litabakiza angalau mbili, na mjukuu atakayelisoma hatalazimika kupima milimita.